Muhuri Nao Hutafsiriwa

Mama mmoja wa Kamanyola alinitumia kwa simu picha ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, na ilitakiwa kwa Kiingereza katika idara ya uhamiaji ya Marekani. Niliifanya kwa jioni moja, nikakosea mahali ambapo sarufi haikunisaidia.

Cheti chetu huanza na mwaka, siku na mwezi, vyote kwa maneno. Hiyo ni siku mtu alipofika mbele ya ofisa wa hali ya raia kutangaza uzazi. Siku ya kuzaliwa yenyewe huja mistari kadhaa chini, baada ya jina na kazi ya aliyetangaza. Sheria inatoa siku 90 za kutangaza, kwa hiyo tarehe hizo mbili zinaweza kuachana kwa miezi. Mimi niliandika tarehe 2 mwezi wa tatu 2006 kuwa ya kuzaliwa, kumbe mtoto alizaliwa tarehe 9 mwezi wa pili. Aliyetangaza alikuwa baba mdogo, nami nikamfanya baba mzazi. Mama aliyaona yote mawili mara moja, ingawa Kiingereza hakijui: alitafuta tarakimu na majina tu.

Nikasahihisha. Kisha ikabaki kashe. Muhuri wa mviringo ulikuwa umeangukia juu ya saini na kufunika mwisho wa namba ya folio, na kivuli cha simu kiliongeza giza. Mama akasema, «Mwanangu, ni saba, andika tu.» Pengine kweli ni saba. Lakini Wamarekani wanataka tafsiri kamili, na mtafsiri aandike na kusaini kwamba ni kamili na sahihi, na kwamba anaziweza lugha hizo. Hawadai awe wa kiapo. Ufaransa ndiyo hudai. Sahihi yangu ingesimama juu ya saba nisiyoiona. Nilimwomba picha nyingine, ya mchana, karatasi ikiwa mezani na kona zote nne zikionekana. Namba haikusomeka hata hapo, nikaandika ndani ya mabano: muhuri wa mviringo, tarakimu ya mwisho haisomeki. Maneno ya muhuri yaliyosomeka niliyatafsiri, na saini nikaitaja kuwa ni saini.

Hapa ndipo ninapogombana kidogo na kitivo chetu. Darasani tunapewa alama kwa tafsiri inayotiririka, na matini huja safi, bila doa. Hakuna aliyewahi kunikata alama kwa kuacha muhuri. Hata posnomu, ambayo Kiingereza hakina, tunafundishwa kuilainisha iwe jina la katikati, na hivyo ndugu wawili wa baba mmoja wanaonekana kama watu wa koo mbili. Mimi sasa huliacha neno lilivyo na kulieleza kwa mabano.

Watu wengi hapa Bukavu hudhani kashe ya mtafsiri huifanya karatasi kuwa halali. Haifanyi. Namba ikifutika, mwenye kuirudisha ni ofisi yenye daftari, kwa kutoa nakala mpya. Mama amekwenda huko Jumatatu.