Alama ya Asali Ivukapo Bahari

Mrina asali wa Kwihara, Tabora, aliyesajili alama yake BRELA, aweza kudhani amelindwa nchi nzima. Sivyo. Alama za biashara si jambo la Muungano. Sheria ya Bara ya mwaka 1986 humlinda miaka 7 ya mwanzo, kisha 10 kila ahuishapo. Lakini chupa zake zishukapo bandarini Unguja, sheria ni ile ya Zanzibar ya mwaka 2008, na daftari ni la BPRA. Mjanja akitangulia kuisajili huko alama hiyo hiyo, huenda mrina mwenyewe ndiye akashitakiwa kwa kuiga. Tunawaomba wakuu wa madaftari yote mawili wamweleze mwombaji jambo hili siku aletapo fomu, kabla hajachapisha lebo.