Namba Safi Haitoshi: Mkague Muuzaji Kabla ya Simu

Muulize mtu yeyote anayejua mambo ya simu jinsi ya kununua iPhone iliyotumika mtandaoni, atakwambia kagua IMEI. Ni kweli, kagua. Ila mimi naona hiyo namba tumeipa heshima kubwa kuliko kazi inayofanya. Mtu ananunua simu kwa muuzaji asiyemjua, analipa kwa njia ambayo hela hairudi, halafu anajipa moyo kwamba "IMEI iko safi." Sisi tunaoishi Uingereza tuna sababu ya ziada ya kuwa makini, maana simu nyingi tunazonunua zinaishia kwenye begi la mtu anayesafiri kwenda Dar au Mombasa. Ikishafika huko, kuirudisha kwa muuzaji ni ndoto.

Tuanze na namba yenyewe. IMEI ina tarakimu 15, na unaipata kwa kubonyeza `*#06#`. Mitandao ya simu ya Uingereza hupeana taarifa za simu zilizoripotiwa kuibiwa au kupotea. Namba ikiingia kwenye orodha hiyo, simu haishiki mtandao hata ubadilishe laini mara kumi. Kuna huduma za kukuangalizia kwa ada ndogo, kama CheckMEND. Unaandika namba, unapata jibu.

Tatizo ni kwamba jibu hilo ni la dakika ile ile tu. Fikiria mtu aliyechukua simu kwa mkataba wa miezi 24. Mwezi wa nne anaiuza mtandaoni. Siku unayokagua, namba ni safi kabisa, kwa sababu bado analipa. Baadaye anaacha kulipa, au anaiambia bima kwamba simu imepotea ili apate nyingine. Wiki chache zikipita, simu uliyonunua kwa hela yako inaandika `No Service`. Hukudanganywa na namba. Ulidanganywa na mtu, na namba haina uwezo wa kukuonyesha nia ya mtu.

Ndiyo maana nasema anza na muuzaji. Muulize swali moja: ulinunua taslimu au kwa mkataba? Kisha omba risiti yenye tarehe na IMEI. Mwenye risiti ya dukani, bei yote imelipwa, hana deni la kuja kukufungia simu. Halafu fungua akaunti yake uone ina umri gani, na soma maoni ya wanunuzi yanahusu nini. Maoni 40 ya kuuza kava za pauni 3 hayakwambii chochote kuhusu mtu anayeuza kitu cha pauni 200. Unatafuta mtu aliyewahi kuuza vitu vya bei, kwa muda mrefu, na alipolalamikiwa akajibu kwa adabu.

Chukua mfano huu. Kuna iPhone 13 mbili, zote za GB 128. Ya kwanza ni pauni 190, akaunti imefunguliwa mwezi huu, IMEI safi, risiti "imepotea", na muuzaji anataka hela iingie benki moja kwa moja. Ya pili ni pauni 235, akaunti ina miaka sita, risiti ipo, na anakubali ulipe kupitia PayPal kwa `Goods and Services`. Kwenye kipimo cha IMEI zinalingana. Kwangu mimi, ile ya kwanza hata kwa pauni 150 siichukui. Zile pauni 45 za tofauti ndizo zinazokununulia mtu wa kumrudia mambo yakiharibika.

Na hapo kwenye malipo msione aibu. Muuzaji akisema "tuma kwa `Friends and Family` tuepuke makato," anakuomba uache ulinzi wako wote, maana njia hiyo ni ya kutumiana hela ndugu na marafiki na haina kinga ya mnunuzi. Jueni pia kwamba haki ya kurudisha bidhaa mbovu ndani ya siku 30, iliyo kwenye sheria ya walaji ya 2015, inamhusu mfanyabiashara. Mtu binafsi anayeuza simu yake anabanwa na machache zaidi: awe na haki ya kuiuza, na iwe kama alivyoieleza. Kwa hiyo maelezo yake yote yawe kwa maandishi kwenye ujumbe, siyo kwa simu.

Simu ikishakuwa mkononi, sasa ikague. IMEI ya kwenye skrini ilingane na ya kwenye risiti. Kwa iPhone 13, namba hiyo imechongwa pia kwenye kitrei cha laini. Zikitofautiana, uliza kwa nini. Kisha hakikisha imefutwa, na uianzishe upya mpaka upite hatua ya Wi-Fi. Usiishie kwenye skrini ya `Hello`, kwa sababu kufuli la akaunti ya mwenyewe wa zamani, au usimamizi wa kampuni aliyokuwa akifanyia kazi, hujitokeza baada ya simu kuunganishwa na intaneti.

Halafu betri. Wengi wanatazama asilimia tu kwenye `Battery Health`. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. Sasa simu ya miaka mitatu iliyotumika kila siku ikionyesha 100, usifurahi haraka. Ama betri imebadilishwa, ama kuna mtu amechezea chipu yake ili isome vizuri. Ingia `Settings`, `General`, `About`, utafute `Parts and Service History`. Ukiona `Unknown Part` kwenye betri, basi ile asilimia usiitegemee. Mimi bora ninunue simu yenye 84 ya kweli, nijue betri itahitaji kubadilishwa, kuliko 100 isiyo na maelezo.

Kuna wanaosema: hata ikifungiwa huku, nyumbani itafanya kazi. Jamani, tuache. Kwanza, kununua kitu ukijua ni cha wizi ni kosa la jinai hapa Uingereza. Pili, kufuli la akaunti halijui mipaka. Simu iliyofungwa London imefungwa pia Kariakoo. Na Tanzania nayo inafuatilia IMEI. Mwezi Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na mpaka wananchi walipewa namba ya kuhakikishia simu zao, 15090. Unayemtumia simu ni mdogo wako au mama yako mdogo, ambaye atahamishia humo laini yake ya pesa na namba zake zote. Usimpe kitu ambacho wewe mwenyewe usingethubutu kukitegemea.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo lakini linahitaji subira. Usinunue wiki ya safari. Nunua wiki sita kabla, weka laini yako mwenyewe, itumie kama simu yako, na ikague IMEI tena kabla muda wa kudai hela haujaisha. PayPal wanakupa siku 180 kufungua madai. eBay kwa kawaida ni siku 30 tangu mzigo ufike, kwa hiyo hesabu tarehe zako. Wiki sita hazifuti hatari yote, kwa sababu mwenye mkataba anaweza kuacha kulipa baadaye zaidi. Sehemu hiyo iliyobaki inazibwa na risiti, na risiti inatoka kwa muuzaji mwenye jina la kulinda.