Kumi Bob Yangu Si Tipu

Wasee, tuongee kuhusu kredo inayopotea. Unaweka soo, unalala, asubuhi unapata tisini na hujapiga hata fleshi. Ukipigia kasta kea, unaambiwa, "Ulijiunga na huduma." Nani alinijiunga, na lini? Hapo wanaanza kukusomea jinsi ya kujitoa. Mimi hiyo hadithi nimeikataa.

Kabla hujakasirika, jua kwanza nani anakukata, juu makato si ya aina moja. Deni la kredo ya kukopa hukatwa ukiweka kredo. Intaneti ikiendelea baada ya bando kuisha, inakula kiasi tofauti tofauti, na inaacha ukizima data. Lakini ukiona kiasi kile kile, karibu saa ile ile, kila siku, hata data ikiwa imezimwa, hiyo karibu kila mara ni huduma ya nyongeza: vichekesho, ubashiri wa mechi, nyota, mlio wa simu. Mara nyingi inakuja na SMS kutoka namba fupi. Usiifute hiyo SMS. Ndio ushahidi wako.

Hizo huduma nyingi si za kampuni ya simu yenyewe. Kuna kampuni nyingine inayotengeneza hizo jumbe, kampuni ya simu inakata kredo yako, kisha wanagawana. Na kujiunga si lazima uandike kitu. Ukiwa kwenye data ya simu, mtandao tayari unajua namba yako, so kitufe kimoja kwenye tangazo kinaweza kutosha. Ukiwa kwa waifai, ukurasa huo huo itabidi ukuombe namba kwanza.

Mimi nilikatwa kumi bob kila siku, kutoka tarehe 3 hadi 20 Machi. Siku 18, yaani 180. Nilituma STOP kwa ile namba fupi na makato yakaisha. Lakini STOP inafunga bomba tu, hairudishi maji yaliyomwagika. So nikaandika barua pepe, juu simu ya kasta kea haiachi karatasi mkononi mwako:

"Mada: Makato ya shilingi 180 bila idhini: naomba rekodi na marejesho

Kwa Kitengo cha Wateja,

Kuanzia tarehe 3 hadi 20 Machi, laini yangu ilikatwa shilingi 10 kila siku kwa huduma ya nyongeza. Sikuomba huduma hiyo. Nimeambatanisha picha za jumbe zenye namba fupi na za salio kabla na baada ya makato.

Naomba mnitumie: tarehe, saa na njia niliyotumia kujiunga, jina la kampuni inayomiliki huduma hiyo, na orodha ya makato yote. Kama hamna rekodi ya idhini yangu, rudisheni shilingi 180. Pia fungeni huduma zote za aina hii kwenye laini yangu.

Naomba namba ya malalamiko haya na jibu ndani ya siku saba."

Jibu la kwanza: "Mteja wetu mpendwa, tumekuondoa kwenye huduma." Sikuwa nimeuliza hilo! Nikajibu hapo hapo, kwenye mazungumzo yale yale, nikarudia swali moja tu: rekodi ya idhini iko wapi? Siku nne baadaye 180 ikarudi. Rekodi haikuja hadi leo.

Fikirieni hapo. Kama nilijiunga kweli, mbona wanirudishie pesa? Na kama sikujiunga, mbona walinikata? Anayekata ndiye anafaa kuonyesha kibali, si anayekatwa kuthibitisha kwamba hakubonyeza.

Kuna wale watasema, "Bro, ni kumi bob tu." Kumi bob kila siku ni 300 kwa mwezi, na kwa mwanafunzi hiyo ni nauli. Alafu hesabu laini elfu moja: hiyo ni 10,000 kila siku, kutoka kwa watu ambao wengi hawatasumbuka kuandika. Udogo wa kiasi ndio unailinda hii biashara.

Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari kuhusu huduma anayolipia, na fidia akipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Kampuni ikikupuuza, chukua ile namba ya malalamiko na barua zote, upeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini anza na kampuni yenyewe, juu watakuuliza kama ulilalamika huko kwanza.

Na dawa ya kweli ni rahisi. Kabla ya kukata bob ya kwanza, nitumieni ujumbe wenye bei, mningoje nijibu NDIO. Nikinyamaza, msikate.