Ramani ya Kadi ya Mwaliko Haipimwi kwa Rula

Kamati ya harusi ikifika kwenye suala la ramani ya nyuma ya kadi, mara nyingi uamuzi hupatikana kabla ya mjadala. Fungua Google Maps, piga picha ya skrini, mtumie mchapaji. Anayependekeza mchoro wa mkono huambiwa kwa upole kwamba mambo hayo yalikwisha. Sababu inayotolewa ina uzito wake: ramani ya simu imepimwa, umbali wake ni wa kweli na kona zake ni za kweli, ilhali mchoro wa mkono hurefusha hapa na kufupisha pale, na mgeni anayeufuata anaweza kudanganyika.

Wanaosema hivyo wanataka mgeni afike, na mimi nataka hilohilo. Tena nakubali mambo mawili bila kubishana. Ramani ya simu ikitumiwa ndani ya simu, ikiwa na chaji, bando na mtandao, humfikisha mtu vizuri kuliko karatasi yoyote. Na michoro mingi ya mkono iliyopo kwenye kadi zetu ni mibaya kwelikweli. Hata hivyo, kasoro za michoro hiyo hazitokani na kutopimwa. Kipimo chenyewe ndicho kinachoiharibu picha ya skrini mara inapogeuka karatasi.

Tuchukue harusi ya mfano, nyumbani kwa wazazi, katika kijiji nje kidogo ya Butiama. Mgeni anatoka Musoma mjini, na tuseme safari yake yote ni kilomita 40. Nafasi ya ramani kwenye kadi ya kawaida haizidi sentimita 8 au 9 kwa upana. Kilomita 40 zikiingia katika sentimita 8, kila milimita moja ya karatasi inabeba nusu kilomita. Sasa tujiulize mgeni huyu atapotea wapi. Hatapotea kati ya Musoma na Makutano, kwa sababu hapo ni lami na mabasi. Atapotea katika nusu kilomita ya mwisho, penye njia tatu za vumbi zinazofanana, na nusu kilomita hiyo yote imepewa milimita moja. Nafasi iliyobaki imetumika kuchora lami ambayo mtu hawezi kuikosa.

Ukikwepa tatizo hilo kwa kuvuta picha karibu, unaangukia jingine: kijiji kinaonekana, ila haijulikani mtu anakiingilia wapi. Kipimo kimoja hakiwezi kutumikia lami ndefu na uchochoro mfupi kwa pamoja. Ndiyo maana mchoro wa kadi unaruhusiwa, na hata kulazimika, kubana kilomita 30 ziwe urefu wa kucha na kutanua mita 300 zijaze nusu ya nafasi.

Wenye shaka watasema huo ni uongo. Harry Beck, mchoraji aliyefanya kazi kwenye reli ya chini ya ardhi ya London, aliambiwa jambo linalokaribiana na hilo alipochora ramani yake mwaka 1931. Alinyoosha njia, akasawazisha umbali kati ya vituo na kubakiza mfuatano wao na mahali pa kubadilishia treni. Wakubwa wake waliikataa mwanzoni. Ilipochapwa mwaka 1933 abiria waliipokea mara moja, na miji mingi duniani imeiga mtindo huo tangu wakati ule. Abiria hakuhitaji kujua treni imepinda mara ngapi. Alihitaji kujua ashuke wapi.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mchoro unaweza kudanganya kuhusu urefu na mipindo, lakini haupaswi kudanganya kuhusu mambo matatu: mfuatano wa vitu njiani, upande vilipo, na idadi ya njia panda anazopita mgeni kabla ya kukata kona. Ukiacha kuchora njia moja ya vumbi kwa sababu ni ndogo, mgeni aliyeambiwa “kona ya pili” ataingia kwa watu wengine. Njia hiyo ichorwe kama kijiti kifupi kinachoishia hewani, bila jina, ili ahesabu.

Turudi kwenye harusi yetu. Wageni wanatoka pande tatu. Wa Mwanza wanapitia Bunda. Wa Tarime wanavuka daraja la Kirumi. Wa Musoma wanatokea mjini. Picha ya skrini ingezionyesha barabara zote na kumwachia mgeni achague, na hapo kuna mtego: anayetoka Bunda anaweza kukatia Kiabakari, au akaendelea hadi Makutano ndipo aishike barabara ya Butiama. Mwenyeji, anayejua hali ya barabara kwa wiki hiyo, ndiye anayepaswa kuchagua. Akishachagua Kiabakari, ile nyingine haimhusu tena mgeni wa Bunda. Na pande hizi tatu hazihitaji kuchorwa. Zinatosha sentensi tatu kando ya mchoro: kutoka Bunda, fika Kiabakari ukate kulia, kutoka Tarime, fika Makutano ukate kushoto, kutoka Musoma, fika Makutano ushike barabara ya Butiama.

Mchoro wenyewe unaanzia Butiama. Tuseme kutoka hapo ni kilomita 3 za barabara kubwa, kisha unapita shule ya msingi iliyo kushoto, unakata kulia kuingia njia ya vumbi, unavuka kalavati, unapita mashine ya kusaga, na geti ni la kijani upande wa kulia. Chora Butiama chini ya karatasi na nyumba ya harusi juu. Kaskazini haina kazi hapa. Mgeni anaishika kadi mbele yake akielekea anakokwenda, na ukichora hivyo, kulia kwa karatasi kunakuwa kulia kwa barabara mpaka kwenye kona ya kwanza. Baada ya kona hawezi kukwepa kuigeuza kadi kidogo, nami nakiri mchoro hauna dawa ya hilo, isipokuwa kuandika neno “kulia” au “kushoto” kwenye kila kona. Pembeni ya ule mstari mrefu uliobanwa, andika “km 3”. Ukweli wa umbali ambao rula ingeubeba, tarakimu imeubeba kwa nafasi ndogo zaidi.

Sasa alama za njiani, ambazo ndizo roho ya kazi hii na ndizo zinazokosewa zaidi. Watu huweka alama wanazozipenda: nyumba ya mwenyekiti, duka la mjomba. Mgeni hamjui mwenyekiti. Alama nzuri hujulikana kwa macho na mtu ambaye hajawahi kufika, na hufanya moja ya kazi tatu. Ya kwanza huja kabla ya kona na kumwonya apunguze mwendo. Katika mfano wetu ni shule. Ya pili huja baada ya kona na kumthibitishia kwamba hajakosea. Hapo ni kalavati. Ya tatu watu wengi huisahau, nayo humwambia amepitiliza: “ukiona mnara wa simu, umepita, rudi.” Mnara huo hauko njiani kwake kabisa, lakini bila huo anaweza kuendelea kilomita kadhaa akijipa moyo.

Alama pia ina umri. Maduka mengi yamepakwa rangi za kampuni za simu, na watu huelekezana kwa rangi hizo. Mwishoni mwa mwaka 2024 Tigo ilibadili jina ikawa Yas, na duka lililoitwa “la Tigo” likaweza kupakwa rangi upya kati ya siku kadi ilipochapwa na siku ya sherehe. Shule, kanisa, msikiti, daraja na mnara havibadiliki hivyo. Mti mkubwa wa peke yake unafaa, ila shamba halifai: mahindi au mtama ukikomaa huficha hata kibao cha shule. Kwa hiyo usichague alama ukiwa umekaa nyumbani. Pita njiani kuanzia Butiama, kwa upande anaotokea mgeni, kwa sababu kibao kinachosomeka ukitoka kijijini mara nyingi kinampa mgongo anayeingia.

Mishale nayo iwe michache. Kila mahali mgeni anapobadili mwelekeo pana haki ya mshale mmoja, uliochorwa kando ya barabara na si juu ya mstari wake, kwani mstari na mshale vikilaliana kwa wino mmoja huonekana kama doa. Mishale ielekee kwenye harusi tu. Penye mfululizo wa mishale kila sentimita, jicho halijui tena upi ndio wa kukata kona.

Kuhusu uchapaji, nitasema kwa kifupi. Picha ya skrini ya simu ya kisasa ina nukta za kutosha kwa upana wa sentimita 9. Kosa lake ni rangi. Barabara ndogo ndani yake ni nyeupe au kijivu hafifu juu ya kijivu hafifu, na kadi inayochapwa kwa rangi moja huzimeza. Mchoro wa wino mweusi hauna shida hiyo. Uchore mara mbili ya ukubwa utakaochapwa, yaani upana wa sentimita 16 kwa nafasi ya sentimita 8, kisha mchapaji aupunguze nusu. Mtetemo wa mkono hupungua nao. Lakini kumbuka maandishi hupungua vilevile, hivyo herufi zenye urefu wa milimita 4 zitabaki milimita 2, na chini ya hapo wazee hawasomi.

Inabaki hoja ya mwisho, kwamba atakayekwama atatumiwa alama ya mahali kwa WhatsApp. Itumwe, sina ugomvi nayo. Ila alama ya “mahali nilipo sasa” huonyesha alipo mtumaji, na saa ya sherehe mtumaji huwa saluni Musoma au barabarani na wapambe. Afadhali itumwe siku chache kabla, na mtu aliyesimama getini kwenyewe, na chini ya mchoro iandikwe namba ya mwanakamati ambaye siku hiyo hana kazi nyingine.

Kabla ya kadi kwenda kwa mchapaji, mpe mchoro huo dereva wa bodaboda asiyekijua kijiji, bila simu, aende. Pale atakaposimama kuuliza ndipo penye alama iliyokosekana. Iongeze hapo, ufute mbili ambazo hakuzitazama, kisha uchape.