Jicho la Mtazamaji Linapohamia Ndani ya Nafsi



Mwezi uliopita, katika darasa la hesabu la Jumapili ambalo kamati yetu ya msikiti huwaandalia wanafunzi wa sekondari, mwalimu alimwita binti mmoja ubaoni. Binti huyu ni miongoni mwa wanaoongoza kwa kazi za daftarini. Aliandika mstari wa kwanza bila kosa. Kisha wavulana wawili waliokaa nyuma wakanong'onezana huku wakimtazama, wakacheka. Mkono wake wa kushoto ukapanda kwenye ushungi, ukaurekebisha, kisha ukashuka kuvuta nguo mgongoni. Katika mstari wa pili akasahau alama ya kutoa. Akafuta, akaandika upya, akakosea tena.

"Mwanangu, mbona hesabu hii unaijua?" mwalimu akamuuliza.

"Naijua, mwalimu," akajibu kwa sauti ya chini. "Nikikaa nitaifanya."

Akakaa, na akaifanya.

Wengi wetu tungesema kwamba binti alishikwa na haya, tukaishia hapo. Lakini wako wataalamu wa saikolojia waliojiuliza ni kitu gani hasa kinachopotea katika dakika kama zile, na kinapotelea wapi. Mwaka 1997, Wamarekani wawili, Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts, walichapisha nadharia inayoeleza hali ya mtu kufanywa kitu: kutazamwa na kupimwa kwa umbo lake, kana kwamba mwili wake ndio yeye mzima.

Kiini cha nadharia hiyo ni kwamba madhara ya jicho hayaishii pale mtazamaji anapogeuka. Msichana anayetazamwa hivyo tangu utotoni, nyumbani, njiani na katika picha, hujifunza kujitazama kwa jicho lile lile. Huanza kujiona kutoka nje: nimekaaje, naonekanaje, tumbo limetokeza, nguo imebana. Huu huwa ulinzi wa kudumu. Mlinzi huyo amekaa ndani ya nafsi, halali, na mshahara wake hulipwa kutoka katika akiba ya akili ambayo ingetumika kusoma, kusikiliza au kufanya kazi. Kwa mujibu wa nadharia hii, hali hiyo huzaa aibu juu ya mwili na wasiwasi, humzuia mtu kuzama katika kazi anayoifanya, na humfanya asizisikie vizuri ishara za mwili wake mwenyewe, kama njaa. Wataalamu hao waliihusisha pia na matatizo ya kula na huzuni nzito kwa wanawake.

Nadharia huhitaji kujaribiwa. Mwaka 1998, Fredrickson, Roberts na wenzao walichapisha jaribio ambalo mpaka leo ndilo linalotajwa zaidi katika uwanja huu. Waliwaalika wanafunzi wa chuo, wanawake na wanaume, wakawaambia kwamba wanachunguza maoni ya wateja juu ya bidhaa mbalimbali. Kila mmoja aliingia peke yake katika chumba chenye kioo kirefu, akatakiwa kuvaa vazi moja na kujitazama. Baadhi walipewa sweta, na wengine nguo ya kuogelea. Wakiwa bado wamevaa vazi hilo, wakapewa maswali magumu ya hesabu.

Msomaji asiishie kwenye vazi, kwani ni vazi la kawaida katika fukwe za nchi ile. Lenye uzito ni kwamba chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na aliyenong'ona wala aliyecheka. Hata hivyo, wanawake waliovaa nguo ya kuogelea walipata alama za chini kuliko wanawake waliovaa sweta. Kwa wanaume, vazi halikuleta upungufu huo. Mtazamaji hakuwamo chumbani, lakini mwanamke alikuwa ameingia naye.

Mtu aweza kupinga kwamba pengine wanawake wale waliingiwa tu na fikra kuwa hesabu si fani yao, kama watu wengi wanavyodai. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana mwaka 2006 baadhi ya watafiti hao walichapisha jaribio lisilo na hesabu. Walitumia zoezi linaloitwa Stroop. Mtu huoneshwa maneno yaliyoandikwa kwa rangi tofauti, na kazi yake ni kutaja rangi ya maandishi, si kulisoma neno. Neno "nyekundu" likiandikwa kwa rangi ya buluu, ni lazima aseme "buluu." Kazi ni nyepesi, lakini inataka akili iliyotulia, kwa sababu macho hukimbilia kusoma. Hapa pia, wanawake waliovaa nguo ya kuogelea walijibu polepole kuliko waliovaa sweta. Kwa hiyo tatizo halikuwa hofu ya hesabu. Umakini wenyewe ulikuwa umegawanyika.

Na wanaume je, wao wana kinga? Hapana. Mwaka 2004, watafiti wengine walirudia jaribio la hesabu, lakini safari hii wanaume walivalishwa vazi la kuogelea la kubana badala ya kaptula. Alama zao nao zikashuka. Nadharia haisemi kwamba mwanamke ana udhaifu wa kuzaliwa. Inasema kwamba yeye huwekwa mbele ya jicho hilo mara nyingi zaidi. Mvulana aliyefanywa kichekesho kwa unene wake darasani anaifahamu hali hii bila kufundishwa.

Uadilifu unatutaka tutaje pia mipaka. Majaribio mengi ya namna hii yamefanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya nchi za Magharibi, na mara nyingi kwa watu wachache. Wako waliojaribu na kuona athari ndogo, au wasiione. Tusiende kumwambia binti kwamba akitazamwa atafeli. Tunachoweza kusema ni kwamba kujikagua kuna gharama, na kwamba gharama hiyo hulipwa kwa umakini.

Tutaijuaje basi hali hii? Watafiti wana kipimo kimoja chepesi. Humpa mtu mambo kumi yanayohusu mwili na kumtaka ayapange kwa umuhimu wake katika namna anavyojifikiria. Matano ni ya mwonekano, kama uzito, vipimo vya umbo na uzuri. Matano ni ya uwezo, kama nguvu, afya na ukakamavu. Jambo la kwanza hupewa alama 9, la mwisho 0. Anayeweka mambo yote ya mwonekano juu hupata 35 upande huo na 10 upande wa uwezo, tofauti ikiwa 25. Anayefanya kinyume chake hupata 25 chini ya sifuri. Wengi huangukia katikati. Zingatia kwamba kipimo hiki hakimuulizi mtu kama anajiona mzuri au mbaya. Anayejipenda mno kwa sura yake aweza kupata alama za juu sawasawa na anayejichukia, kwani wote wawili wamesimama nje ya miili yao, wakiitazama.

Nyumbani hatuhitaji karatasi. Unadhifu na kujikagua vinafanana kwa mbali, lakini vina tofauti moja iliyo wazi. Mtu nadhifu hujitengeneza kabla ya kutoka, kisha husahau. Anayejikagua hurudia katikati ya kazi: mkono unarudi kwenye nguo, jicho linarudi kwenye kioo cha dirisha au kwenye simu, na sentensi aliyokuwa akiisoma inalazimika kuanzwa upya. Ukiona kazi inakatika kila mara kwa ajili ya mwonekano, hapo pana jambo.

Hapa msomaji ataniuliza: je, stara yetu si ndiyo dawa? Utafiti wa mwaka 2014, ulioongozwa na Viren Swami, uliwahusisha zaidi ya wanawake 500 wa Kiislamu nchini Uingereza. Wale waliokuwa wakivaa hijabu, kwa wastani, waliiridhia zaidi miili yao na hawakuzitegemea sana picha za vyombo vya habari kama kipimo cha uzuri. Ni habari njema, lakini tofauti iliyopatikana ilikuwa ndogo, na utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba hijabu peke yake ndiyo sababu. Binti wetu pale ubaoni alikuwa amejistiri vizuri kabisa. Ushungi wenyewe, uliopaswa kumpa utulivu, ndio alioanza kuukagua.

Hapa ndipo nasi wazazi tunapoingia. Mama anayemwambia bintiye mara kumi kwa siku, "Vuta ushungi, watu wanakutazama," ana nia safi. Lakini anachokipanda, mara ya kumi, si stara tena. Ni yule mlinzi asiyelala. Kadhalika shangazi anayemkaribisha mtoto mbele ya wageni kwa maneno, "Umenenepa mno wewe!" au "Mbona umekonda hivi?" Kwetu hiyo ni salamu. Kwa msichana wa miaka 13 ni hukumu inayotolewa hadharani, naye atatembea nayo hadi darasani. Rai yangu ni kwamba neno la mavazi lisemwe mara moja, kwa upole, kabla ya kutoka nyumbani, kisha lifungwe. Na wageni wakiingia, mtoto aulizwe anachosoma, si kilo alizoongeza.

Kubwa zaidi, tusimwachie anayetazamwa mzigo wote. Waswahili husema macho hayana pazia, na mara nyingi husema hivyo ili kumsamehe mtazamaji. Lakini katika Suratun-Nur, amri ya kuinamisha macho imewaelekea wanaume waumini kwanza, katika aya ya 30, kabla ya wanawake kuamrishwa vivyo hivyo katika aya ya 31. Sisi mara nyingi hufundisha aya ya pili kwa mabinti na kuisahau ya kwanza kwa wavulana.

Juma lililofuata, mwalimu aliwahamishia wale wavulana wawili mstari wa mbele, akazungumza nao faragha, kama baba na wanawe. Hakumwambia binti neno lolote kuhusu ushungi wake. Alimwita tena ubaoni, akampa hesabu ya aina ile ile. Alirekebisha ushungi mara moja, akaandika mistari minne mfululizo, akarudi kwenye nafasi yake bila kugeuka kutazama nani anamtazama.

Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah.