Kodi ikipanda na matumizi yakipanda sawa, si sifuri bana

Wasee wa Ifo na Garissa kwa jumla, leo tuongee hesabu kidogo. Kila msimu wa bajeti kuna watu wawili wananichosha huku mtandaoni. Wa kwanza anasema, "Serikali ikichukua bilioni moja na kutumia bilioni moja, hakuna kilichobadilika." Wa pili, kawaida ni mtu wa serikali, anasema, "Lipeni tu, pesa itawarudia." Wote wawili wanakosea. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hii sikuiacha darasani.

Jamaa wa Norwe anaitwa Trygve Haavelmo aliionyesha hesabu hii mwaka 1945. Wachumi wanaiita kizidishi cha bajeti sawia. Tuifanye na hapa kwetu.

Chukua mfano: serikali iongeze kodi ya shilingi milioni 1, halafu iajiri vijana wa Ifo kwa milioni hiyo hiyo wachimbe bwawa la maji. Tuseme kila mtu akipata au akipoteza shilingi 100, matumizi yake yanabadilika kwa 80. Waliotozwa hawapunguzi manunuzi kwa milioni nzima. Wanapunguza 800,000, na 200,000 inatoka kwenye akiba yao. Serikali nayo imetumia milioni yote kununua kazi. Kwa hivyo mzunguko wa kwanza soko linabaki na ongezeko la 200,000. Mzunguko wa pili ni 160,000, wa tatu 128,000, na inaendelea kupungua hivyo. Ukijumlisha zote unafika milioni 1 kamili. Pato limepanda kwa kiasi kile kile kilichotumika, na hakuna deni lililoongezwa. Kwa hivyo ndugu wa sifuri, kaa chini.

Sasa wewe wa "lipeni tu", usishangilie bado. Hesabu hiyo inasimama kwa sababu aliyetozwa alikuwa na akiba. Hapa Ifo nani ana akiba? Julai 2023 kodi ya VAT kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mafuta ndiyo jenereta inayotupa stima, ndiyo lori linaloleta unga. Mama anayemaliza kila shilingi kabla ya mwezi kuisha, ukimtoza 100 anaacha kununua vitu vya 100. Rudia ule mfano kwa walipaji kama yeye: soko linapoteza milioni 1 na kupata milioni 1. Mzunguko wa kwanza ni sifuri, na yote yanayofuata ni sifuri. Sifuri ile tuliyoikataa imerudi, kwa sababu umemtoza maskini badala ya mwenye akiba.

Na kuna kibaya zaidi. Tuseme tena walipaji wana akiba, lakini ile milioni imeenda kulipa riba kwa mkopeshaji wa nje. Hakuna kijana aliyelipwa, hakuna bwawa. Kilichobaki ni 800,000 zilizotoka sokoni, na zikizunguka mpaka mwisho pato linashuka kwa milioni 4. Karatasini bajeti imebalansi. Mtaani watu wamefunga maduka.

Sawa, namba hizi ni za mfano. Kwa uhalisia ni ndogo, maana sukari na pasta tunazonunua zinatoka nje na pesa inatoka nazo. Pia lazima kuwe na mikono isiyo na kazi, la sivyo bei ndiyo itapanda. Mikono hiyo Ifo imejaa. Lakini mkimbizi akinyimwa kibali cha kazi, kontrakta ataleta watu wake, na mshahara utazunguka kwao, sio hapa.

Ndio maana 2024 nataka tuiangalie vizuri. Mswada wa Fedha uliotaka kukusanya bilioni 346 uliondolewa tarehe 26 Juni, baada ya vijana kuuawa barabarani. Ulistahili kuondoka. Lakini Julai rais akatangaza kukata matumizi kwa bilioni 177 na kukopa bilioni 169, na wengi wakapiga makofi hapo kwa kukata. Hesabu inarudi kinyumenyume pia: ukikata kodi na matumizi kwa kiasi sawa, pato linashuka kwa kiasi hicho. Na riba haikatwi. Kinachokatika kwa urahisi ni miradi na ajira, yaani ile sehemu iliyokuwa ikinunua kazi ya mtu.

Kwa hivyo wakija tena na mswada, msiniambie "punguzeni kodi" peke yake. Ulizeni anatozwa nani: mwenye akiba au anayemaliza yote? Inanunua nini: kazi au riba? Na analipwa nani, wa wapi? Mbunge akishindwa kujibu hayo matatu, walahi asituambie pesa itaturudia.