Sikuombi, Nakudai

Kuna neno moja ambalo ningelifungia nje ya nusu ya imeli zinazotoka Kasikeu kwenda ofisi za umma. Neno hilo ni "naomba". Si neno baya. Limebebeshwa tu mizigo mingi mno. Twamwomba Mungu, twaomba chumvi kwa jirani, twaomba kazi, twaomba msamaha, na anayenyoosha mkono kwa abiria kando ya barabara ya Mombasa tunasema anaombaomba. Wengi wetu tunawaza kwa Kikamba tukiandika Kiswahili, na huko nako kũvoya ni kuomba na ni kusali pia. Halafu kitenzi hichohicho tunakichukua kumwandikia afisa anayelipwa mshahara ili atuonyeshe hesabu ya pesa zetu wenyewe.

Chukua imeli ya aina ninazoletewa nizipitie kabla hazijatumwa. Kazi ya kuchimbua mchanga kwenye silanga imesimama katikati, na kijana anaandika: "Kwa heshima na taadhima, mimi mwananchi mnyenyekevu, nilikuwa naomba kuuliza kama inawezekana nisaidiwe na habari kuhusu silanga yetu." Jibu lake hata wewe ungeliandika: ombi limepokelewa, linashughulikiwa. Na afisa hajasema uongo. Ameulizwa kama inawezekana, naye amejibu kwamba pengine itawezekana.

Tazama sentensi yenyewe. "Nilikuwa naomba" iko katika wakati uliopita, kana kwamba mwandishi ameshageuka kuondoka mlangoni. "Kuuliza" inataka jibu la mdomo, haitaki karatasi, kwa hiyo atakayejibu "mradi unaendelea" ameshamaliza deni lake. "Nisaidiwe" haina mtendaji, nani amsaidie? "Habari kuhusu" haitaji hati yoyote. Kijana amefunga kila mlango ambao angeweza kupitia, na amefanya hivyo kwa adabu kubwa. Wiki mbili baadaye anaandika tena, safari hii "naulizia ile imeli yangu". Kuulizia ni kufuatilia habari za kitu kilichoko mikononi mwa mwingine, kama unavyoulizia mgonjwa. Mara ya tatu anaandika "nakusihi". Sasa amepiga magoti kabisa, na msomaji wake ana starehe ya kumhurumia.

Watu wenye mamlaka hawana shida na vitenzi hivi. Tangazo la chifu likisema "wananchi wote mnaombwa kuhudhuria baraza", hakuna anayedhani ameachiwa hiari. Mwenye nguvu anaweza kuomba, na ombi lake likasomwa kama amri. Asiye nayo akiomba, ombi lake husomwa hivyohivyo lilivyoandikwa.

Kinachoniudhi ni kwamba tunacho kitenzi kinachofaa, na tunakitumia kila siku kila mahali isipokuwa kwenye barua. Ni kuitisha. Hotelini unaitisha chai. Kondakta wa matatu anaitisha nauli: hakusihi, wala hagombani nawe, anajua tu kwamba umepanda na lazima ulipe. Mwalimu wa insha atasema kuitisha ni kuita watu mkutanoni, na kwamba kwa maana hii ni Kiswahili cha mtaani. Basi na kiwe cha mtaani. Kwa imeli ya kwanza sijaona kinachokishinda.

Ile imeli ya silanga, basi, ningeiandika hivi: "Bwana Afisa, salaam. Ninaitisha nakala za mkataba wa kazi ya silanga yetu, orodha ya kazi na bei zake, na hati za malipo yaliyofanywa hadi leo. Ninaziitisha chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Nitumie kwa anwani hii." Jina la silanga na la kijiji yaandikwe wazi, kwa sababu sheria inataka maelezo ya kutosha kumwezesha afisa kujua unachotaka. Sababu usiiandike. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinasema haki yako haiathiriwi na sababu unayotoa, wala na ile ambayo ofisi inadhani unayo. Kila ukianza kujieleza ("nataka tu kujua, sina nia mbaya") unarudi kwenye kuomba. Na usikubali kuambiwa uandike Kiingereza. Kifungu cha 8 kinaruhusu Kiswahili.

Kudai kunakuja baadaye, na kuna tarehe yake. Ofisi ina siku 21 tangu ipokee imeli, au saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Inaweza kujiongezea siku zisizozidi 14 kwa sababu zilizotajwa katika sheria, lakini lazima ikuarifu. Ukituma tarehe 3 Machi na ikapokelewa siku hiyo, siku ya 21 ni tarehe 24. Ikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na hapo unaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Tarehe 25, basi, ndiyo siku ya kuandika "nadai". Anayeandika "nadai" tarehe 4 amejaza hewa kwenye karatasi, maana hakuna kilichochelewa bado.

Najua "nadai" inatisha. Magazeti yamelichafua neno hili: "mshukiwa anadai", "mwanamke huyo alidai", hadi kudai kukawa kama kusema jambo lisiloaminika. Lakini muulize mwenye duka yeyote pale sokoni. Akisema "namdai mia tatu" hajatukana mtu wala hajasingizia. Ametaja deni, na daftari liko chini ya kaunta. Imeli ya tarehe 25 nayo iwe na daftari lake: tarehe ya kutuma, hati zilizoitishwa, siku zilizopita.

Wazee watasema hii ni kukosa adabu, hasa msichana wa miaka 22 akimwandikia mtu wa umri wa babake. Sikubaliani nao, ingawa wasiwasi wao ninauelewa. Heshima ina mahali pake katika imeli: katika salamu, katika kumwita mtu Bwana au Mama, katika kutomrukia kwa herufi kubwa. Haihitaji kukaa ndani ya kitenzi. Na kusema kweli, adabu inayotakiwa kwa mwandishi peke yake, huku msomaji akikaa kimya wiki tano, naiona kama mazoea tu.

Kuna imeli moja ambayo naomba ibaki na "naomba" yake, nayo ni ya basari. Pesa za karo hazitoshi wote, kamati inachagua, na hakuna mwanafunzi anayedai fungu fulani kabla ya kuchaguliwa. Hapo mzazi aombe, aeleze shida yake, hata asihi akipenda. Ila kamati ikishamaliza kazi, jumla ya pesa zilizogawanywa katika kata na vigezo vilivyotumika ni habari za umma, na imeli ya kuzitafuta inaanza na "ninaitisha", hata ikiwa mwandishi ni yuleyule mzazi na mtoto wake alikosa.